Damu ya puani: mwinamishe mbele, usimlaze chali

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 8 anatokwa na damu puani tangu baridi ianze, mara mbili au tatu kwa wiki. Juzi shuleni walimlaza chali, wakamwinua kidevu na kummwagia maji utosini. Damu ikakata, lakini baada ya kama nusu saa akatapika damu nyeusi, nyingi. Jirani mmoja anasema ana kidonda tumboni, mwingine kaniletea unga wa kunusisha. Nifanyeje? Mama, Ngaramtoni.

JIBU: Marahaba, mama. Unga huo usimpe. Na kwa jinsi ulivyoeleza, damu aliyoitapika karibu hakika ni ileile ya puani. Damu haikukata pale shuleni, ilibadilisha njia tu.

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote katika kazi yangu ya masikio, pua na koo. Karibu kila mzazi anayeniletea mtoto anaanza na maneno hayohayo: "Tukamwinua kichwa, ikaacha." Mwambie mwanao afungue mdomo mbele ya kioo, utaelewa. Sakafu ya pua haipandi juu kuelekea machoni kama wengi wanavyodhani. Inakwenda moja kwa moja nyuma, kisha inafunguka kooni. Mtoto akiinua kidevu au akilala chali, koo linakuwa bondeni na damu yote inateremkia huko. Ninyi mlio mbele yake mnaona pua kavu, mnashukuru Mungu, na yeye anameza.

Tumbo halivumilii damu. Ikikusanyika humo linachafuka na kuirudisha, na kwa kuwa imeshakutana na tindikali, inatoka nyeusi kama mashapo ya kahawa. Anapokakamaa kutapika, mishipa ya kichwani inajaa, na kile kidonda puani kinaweza kufumuka upya. Kwa mtoto anayesinzia au mtu aliyelewa kuna hatari kubwa zaidi: damu inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Tena hata sisi madaktari mnatunyima kipimo, kwa sababu damu iliyomezwa hakuna anayejua ilikuwa kiasi gani.

Niliwahi kuletewa hapa Moshi kijana wa miaka 9 aliyekuwa ametibiwa vidonda vya tumbo kwa wiki mbili katika zahanati moja. Alikuwa ametapika damu, na hakuna aliyemwangalia pua. Nilipomulika tundu la kushoto nilikuta gamba la damu kwenye ukuta wa katikati, karibu kabisa na mlango, na kimshipa chembamba chekundu pembeni yake. Nilipomuuliza walimu humfanyaje ikianza kutoka, akalaza kichwa nyuma kunionyesha. Tumbo lake halikuwa na tatizo lolote.

Hapo mlangoni ndipo inapotokea damu nyingi ya puani, hasa kwa watoto. Vimishipa kadhaa vinakutana kwenye ukuta ule unaotenganisha matundu mawili, chini ya ngozi nyororo sana. Baridi kavu ya Juni na Julai huko kwenu, na vumbi, vinaikausha ngozi hiyo, inafanya gamba, mtoto analichokoa kwa kucha, mshipa unapasuka. Habari njema ni kwamba mahali hapo vidole vyako vinafika. Ndiyo maana dawa yake ni kubana.

Ikianza tena, mkalishe kitako na umwinamishe mbele kidogo, kama mtu anayetazama magoti yake, beseni au kitambaa kikiwa mbele yake. Kwa kidole gumba na cha shahada, bana sehemu laini ya pua, pale mabawa ya pua yanapogusana, yashikane kabisa. Wengi wanabana juu kwenye mfupa. Hapo unaweza kubana hadi jioni na damu ikaendelea, kwa kuwa mfupa haubonyei na mshipa unaovuja hauko huko. Apumue kwa mdomo. Damu ikimfikia mdomoni aiteme, asiimeze.

Sasa tazama saa. Dakika 10 kamili, bila kuachia hata mara moja. Hapa ndipo wazazi wengi wananiangusha: wanabana dakika moja, wanaachia wachungulie, inatoka, wanabana tena, wanaachia tena. Donge la damu linaloziba mshipa bado ni laini kama uji, na kila ukichungulia unalibandua. Halafu wanakuja kuniambia kubana hakusaidii. Baada ya dakika 10 achia taratibu. Kama bado inatoka, bana nyingine 10. Jumla ikifika nusu saa bila kukata, nendeni hospitali huku umebana, na kwenye gari vilevile ameinama mbele.

Ikikata, asipenge kamasi na asichokoe pua siku hiyo na inayofuata. Mpake mafuta ya mgando, kiasi kidogo kwa ncha ya kidole, ndani ya kila tundu asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na mkate kucha. Yule kijana alihitaji pia kuchomwa kimshipa kwa dawa, jambo la dakika chache, tena upande mmoja tu, kwa sababu kuchoma pande zote mbili kwa pamoja kunaweza kutoboa ukuta. Wengi hawafiki huko. Wako mlete apimwe, kwa kuwa mara tatu kwa wiki ni nyingi na tunataka kujua kama damu yake imepungua. Utuambie pia kama anavilia damu ovyo mwilini au fizi zinatoka damu. Damu ikitoka tundu moja tu kila siku, na tundu hilo limeziba au linanuka, usisubiri mafuta. Kwa mtoto mdogo mara nyingi kuna haragwe au kipande cha sponji humo.

Kuhusu hizo poda, ugoro, vitunguu na ndimu za kunusa: kitu chochote kinachomfanya mtu apige chafya kinang'oa donge. Ugoro uliochanganywa na magadi unaichoma ngozi yenyewe, na nimekuta kuta za pua zilizogeuka kidonda kwa sababu ya tiba, si ya ugonjwa. Wanaouza wanasema mtoto ana "damu nyingi" inayotafuta pa kutokea. Mtoto havuji puani kwa sababu damu imemzidi. Maji ya utosini hayana madhara, ila yanakula muda ambao mkono wako ungekuwa unabana.

Ninaowahofia zaidi kuliko watoto ni wazee. Babu mwenye presha, au anayetumia aspirini ya moyo au warfarini, anaweza kuvuja kutoka nyuma kabisa ya pua, ambako vidole havifiki. Dalili ni hii: ameinama mbele, pua imebanwa sawasawa, na bado anasikia damu ya moto ikimtiririka kooni, anatema na kutema. Ukimlaza chali huioni dalili hiyo; utadhani amepona mpaka azimie. Huyo hasubiri nusu saa. Mpelekeni usiku huohuo hospitali ya Mount Meru au KCMC akiwa ameketi, na kama amezimia alazwe ubavu. Vidonge vyake mbebe na pakiti zake, msimwachishe wenyewe nyumbani. Daktari ataamua baada ya kuona kuganda kwa damu yake kukoje.