Redmi ya Kichina inauliza 允许USB调试吗, nibonyeze kipi?

"Kaka habari, nimeletewa Redmi kutoka Guangzhou, menyu yote Kichina. Kuna fundi kaniambia niwashe USB debugging kwenye menyu ya developer halafu nimpelekee simu aniwekee lugha. Nikiigusa linakuja boksi la Kichina lina vitufe viwili, naogopa. Nibonyeze kipi?"

Salama dada. Bonyeza 取消, hiyo ni ghairi. Ile nyingine, 确定, ndiyo kukubali. Ukichanganyikiwa bonyeza tu kurudi nyuma, boksi litafungwa na swichi itabaki imezimwa, itazame tu uhakikishe.

Sasa boksi lenyewe linasemaje. Kichwa kinauliza kama unaruhusu USB调试, yaani hiyo USB debugging, halafu chini linasema kitu hiki ni kwa kazi za watengenezaji wa programu tu, na kikiwashwa kompyuta inaweza kufanya mambo matatu: kunakili data kati yake na simu, kuweka programu kwenye simu bila kukutaarifu, na kusoma logi, yaani kumbukumbu za yanayoendelea ndani ya simu. Hapo pa pili ndio usome mara mbili. Kama una simu nyingine ielekeze kamera yake kwenye skrini hiyo ukitumia Google Translate, ila tafsiri ya kamera huwa inarukaruka na neno dogo kama "bila" linaweza kupotea na maana ikageuka kabisa, kwa hiyo piga picha kwanza halafu tafsiri ile picha iliyotulia, na ukiona sentensi haieleweki tafsiri tena kwa Kiingereza ulinganishe.

Kuwasha swichi peke yake hakumpi mtu simu yako. Tangu Android 4.2.2 ukichomeka kwenye kompyuta ngeni linakuja boksi la pili, hilo utalijua kwa herufi RSA na mstari mrefu wa namba na herufi, na chini kuna kiboksi cha kuweka tiki. Tiki ile maana yake kompyuta hiyo iruhusiwe siku zote bila kuulizwa tena. Kwenye kompyuta ya dukani usiiweke kabisa, maana siku nyingine simu ikichomekwa pale na swichi bado imewashwa, unaweza usiulizwe kitu.

Kwenye Redmi kuna jingine la kuangalia, chini ya swichi hiyo utakuta nyingine inafanana nayo, USB调试(安全设置). Hiyo inaruhusu kompyuta ibadilishe ruhusa za programu na hata ibonyeze skrini kama vile ni wewe unabonyeza, ndio maana simu inataka uingie akaunti ya Xiaomi kwanza na kukuonya tena na tena. Mtu akikuomba uwashe hiyo kwa ajili ya lugha tu, muulize anataka kufanya nini hasa. Na OEM解锁 usiiguse, ni njia ya kufungua bootloader, yaani programu ndogo inayowasha mfumo wa simu, na bootloader ikifunguliwa data yote inafutika.

Ila kwa shida yako dada huhitaji lolote kati ya hayo. Simu za soko la China kwa kawaida zina Kiingereza ndani tayari. Ingia 设置 yenye alama ya gia, shuka mpaka 更多设置, fungua, tafuta mstari wenye 语言 (ndiyo lugha), ingia, na English utaiona imeandikwa hivyohivyo kwa herufi zetu. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, we fuata 语言 tu. Kiswahili usikitegemee kwenye toleo la China. Wengine hulazimisha kwa kompyuta, na hapo ndipo USB debugging inapoingia, lakini hata wakifanikiwa menyu nyingi hubaki Kiingereza au Kichina maana tafsiri haimo ndani ya simu. Kuhamisha picha pia hakuhitaji hiyo swichi, ukichomeka waya chagua 传输文件 basi.

Kama baadaye utakuwa na kazi inayoihitaji kweli, mfano kutoa programu za Kichina zisizotoka kwa njia ya kawaida, fanya simu ikiwa Kiingereza tayari ili onyo ulisome mwenyewe, na tumia kompyuta yako au ya mtu unayemwamini. Kwenye kompyuta hiyo iwe na adb, programu ya kuipa simu amri kupitia waya, kisha andika hii kwenye dirisha la amri:

```
adb devices
```

Ikijibu `unauthorized` ujue kompyuta bado haina ruhusa, ikijibu `device` imeshaingia. Ukimaliza gusa Revoke USB debugging authorizations, kompyuta zote ulizokubali zinafutwa, halafu zima swichi. Baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka developer options zikiwa zimewashwa, kwa hiyo zima na ile swichi kubwa ya juu kabisa ya menyu hiyo.