Dashibodi ikisema mauzo yameanguka, hesabu oda kwanza

Jumatano moja mwishoni mwa Januari, saa 2 asubuhi, mama mwenye duka ambalo nalisimamia matangazo yake alinipigia simu. Duka linauza sare za shule, mabegi na viatu kwa mtandao, na stoo yake iko Kariakoo. Alikuwa amefungua ripoti ya wiki. Wiki iliyotangulia GA4, chombo cha Google cha kupima tovuti, ilirekodi manunuzi 252, wiki hii 71.

"Mdogo wangu, zima matangazo. Shule zimeshafunguliwa, msimu umeisha, tunachoma hela."

Maelezo yake yaliingia akilini kabisa. Nilikuwa nimeshafungua akaunti ya matangazo ili nipunguze bajeti, ndipo nikasikia nyuma ya sauti yake selotepu ikivutwa, ikikatwa, ikivutwa tena. Nikamuuliza, "Dada, hao vijana wanafunga nini?"

"Oda za jana."

"Ziko ngapi?"

Akageuka kuuliza. "Thelathini na tatu."

Kwenye skrini yangu siku hiyo ilikuwa na manunuzi 9. Kweli, GA4 huweza kuchukua hadi saa 48 kukamilisha hesabu za siku, kwa hiyo tarakimu ya jana pekee haitoshi kumhukumu mtu. Lakini siku za nyuma, ambazo zilikuwa zimeshakamilika, nazo zilisoma hivyohivyo. Sikugusa bajeti.

Tangu siku hiyo, konvesheni, yaani manunuzi yanayorekodiwa, zikianguka ghafla, pa kwanza kuangalia kwangu ni pale ambapo hela huingia: jedwali la oda kwenye kanzidata, au taarifa ya miamala ya kampuni ya malipo. Hesabu hiyo haipitii tagi yoyote, yaani vile vipande vya msimbo kwenye tovuti vinavyoiambia GA4 kilichotokea. Tagi ikifa, yenyewe inaendelea kuhesabu. Ombi nililomtumia programa wa duka lilikuwa fupi:

```sql
SELECT DATE(paid_at) AS siku, payment_method, COUNT(*) AS oda
FROM orders
WHERE status = 'paid'
  AND paid_at >= NOW() - INTERVAL 21 DAY
GROUP BY siku, payment_method;
```

Angalia saa ya seva kabla ya kulinganisha. Kanzidata nyingi huhifadhi muda wa UTC, ambao uko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3. Oda iliyolipwa saa 8 usiku itaandikwa siku ya jana, nawe utaona tofauti ambayo haipo.

Jibu likaja. Wiki iliyotangulia oda zilizolipwa zilikuwa 280, na GA4 ilikuwa imerekodi 252, yaani asilimia 90. Pengo hilo la kumi ni la kawaida kwa duka hili: kuna wanaotumia vizuia matangazo, kuna wanaofunga ukurasa mapema. Usitafute 100, hutaipata. Unachotafuta ni uwiano wa duka lako siku za amani, kwa sababu huo ndio utakaokuambia kama kipimo kimeharibika. Wiki ya kilio oda halisi zilikuwa 238, zilizorekodiwa 71. Uwiano umetoka 90 hadi 30.

Hapo hesabu inajigawa yenyewe. Tagi ingekuwa nzima, kati ya oda 238 tungeona kama 214. Kwa hiyo kutoka 252 hadi 214, manunuzi 38, ni mauzo yaliyopungua kweli. Kutoka 214 hadi 71, manunuzi 143, ni upofu wa kipimo. Dashibodi ilionyesha anguko la asilimia 72, wakati duka lilikuwa limeshuka asilimia 15. Watu wengi huuliza "ni tagi au ni soko?" kana kwamba lazima liwe moja. Mara nyingi ni vyote viwili, na kazi yako ni kujua kila kimoja kimekula kiasi gani.

Swali lililofuata: ni oda zipi hazionekani? Kila tukio la `purchase` hubeba `transaction_id`, ambayo kwetu ni namba ileile ya oda iliyo kwenye kanzidata. Nilipakua orodha ya namba hizo kutoka GA4, nikaziweka kwenye karatasi ya hesabu pembeni ya namba za kanzidata, kisha nikachuja zilizokosekana. Zikagawanyika kwa njia ya malipo. Za kadi zilikuwa 68, zilizorekodiwa 61, uwiano uleule wa asilimia 90. Za malipo kwa simu zilikuwa 170, zilizorekodiwa 10 tu.

Mahitaji hayashuki namna hiyo. Wazazi wakiacha kununua sare, wanaacha wa kadi na wa simu, wa Dar na wa Mwanza, na wanaacha polepole, siku baada ya siku. Hitilafu ya tagi ina sura nyingine: inaanza saa fulani inayojulikana, inakata kundi moja karibu lote, na kundi la jirani haliguswi. Tulipopanga manunuzi ya malipo kwa simu kwa saa, mstari ulikatika Jumanne ya wiki iliyopita, saa 4 usiku, kama uzi uliopitiwa na wembe.

Ukishakuwa na saa, nenda ukaulize nani aligusa nini saa hiyo. Kwenye Google Tag Manager, pale tagi za tovuti zinapowekwa, fungua sehemu ya Versions, utaona kila toleo lilichapishwa lini na kwa akaunti ya nani. Kwetu hakukuwa na chochote tangu Novemba. Basi nikampigia programa, naye akakumbuka mara moja: Jumanne usiku alikuwa ameboresha ukurasa wa malipo. Zamani mteja akishaweka namba ya siri kwenye simu, kivinjari kilimpeleka kwenye ukurasa wa `/asante`. Sasa maneno "Malipo yako yamepokelewa" yanatokea palepale, bila ukurasa mpya kufunguka. Kwa mteja ni jambo zuri, hasa mwenye mtandao wa kusuasua. Ila tagi yetu ilikuwa imeambiwa ilie pale tu `/asante` inapofunguka. Wale 10 waliorekodiwa ni waliobonyeza kiungo cha kuangalia oda yao, ambacho bado kinapeleka huko. Kadi hazikuguswa kwa sababu zenyewe bado zinarudishwa kwa njia ya zamani.

Usiishie kwenye maelezo ya mdomo, jaribu mwenyewe. Nilinunua soksi za shilingi 4,000 kwa simu yangu nikiwa kwenye kompyuta, Preview ya Tag Manager ikiwa wazi, na dirisha la Network la kivinjari likichujwa kwa neno `collect`. Tagi ikiwa hai, malipo yakikubaliwa unaona ombi lenye `en=purchase`. Mimi niliona `en=begin_checkout`, tukio la mteja kuanza kulipa, kisha ujumbe wa malipo kupokelewa, kisha kimya. Nikarudia kwa kadi, `en=purchase` ikatokea.

Kuna jambo la tatu ambalo lazima ulitoe kwenye hesabu, maana linafanana na haya mawili na ndilo linaloumiza zaidi: malipo yenyewe kukwama. Hapo wateja wanataka kununua, wanafika mwisho, hela haipiti. Dalili yake ni kwamba `begin_checkout` iko palepale lakini oda zilizolipwa kwenye kanzidata zimeshuka, na zile zenye hali ya kusubiri zimerundikana. Kwetu oda za kusubiri hazikuongezeka. Kama zingeongezeka, ningeacha mambo ya tagi nikawatafuta watu wa malipo dakika ileile.

Turudi kwenye ile asilimia 15, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Kupima mahitaji, tumia vipimo visivyotegemea tagi za tovuti yako. Search Console, ripoti ya Google ya jinsi tovuti inavyoonekana kwenye utafutaji, huhesabu upande wa Google, na ilionyesha kwamba mara ambazo duka lilionekana kwa utafutaji wa "sare za shule" zilikuwa zikipungua taratibu tangu shule zifunguliwe, siku kadhaa kabla ya ile Jumanne. Maswali ya wateja WhatsApp yalipungua hivyohivyo. Basi msimu ulikuwa kweli unaisha, dada hakukosea.

Lakini mibofyo ya matangazo ilikuwa na hadithi yake. Siku nne za kwanza baada ya tagi kukatika ilikuwa ya kawaida, kisha ikaanza kushuka kwa kasi, wala hakuna aliyegusa bajeti. Kampeni zetu zilikuwa za Smart Bidding, yaani mfumo wenyewe unapanga dau kulingana na konvesheni unazoziona. Ulipoziona zimekatika, ukaamini kwamba mibofyo yetu haina thamani, ukapunguza dau, na matangazo yakaanza kushindwa na ya wengine. Anguko la uongo likazaa anguko la kweli. Ndiyo maana hitilafu ya tagi si jambo la kusema "tutarekebisha wiki ijayo". Kila siku inayopita, mfumo unafundishwa uongo.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, programa aliweka mstari huu pale malipo yanapothibitishwa, nami nikabadilisha kichochezi cha tagi kutoka kufunguka kwa ukurasa kuwa tukio lenye jina `purchase`:

```js
window.dataLayer = window.dataLayer || [];
dataLayer.push({
  event: 'purchase',
  ecommerce: {
    transaction_id: oda.namba,
    value: oda.jumla,
    currency: 'TZS',
    items: oda.bidhaa
  }
});
```

Njia ya kadi, ambayo bado inapita `/asante`, ikawekewa mstari huohuo, ili tagi isitegemee ukurasa kabisa. Hii bado inahitaji ukurasa uwe wazi malipo yanapothibitishwa, na mteja wa simu mara nyingi anaufunga akishaweka namba ya siri. Ukiweza, tuma tukio kutoka kwenye seva kwa Measurement Protocol, ukihifadhi `client_id` ya mteja, namba ambayo GA4 hukitambulisha nayo kivinjari chake, wakati wa kuweka oda. Njia hiyo inakubali matukio ya nyuma, lakini si zaidi ya saa 72. Wiki yetu ilikuwa imeshapita, kwa hiyo manunuzi yaliyokosekana hayakurejeshwa GA4.

Pili, ndani ya Google Ads kuna kitu kinaitwa Data exclusions, ambapo unauambia mfumo wa dau usijifunze kutokana na tarehe fulani. Tarehe zinazohesabiwa ni za mbofyo, si za ununuzi. Wateja wetu wengi hununua siku moja au mbili baada ya kubofya, kwa hiyo nilianzia Jumapili, siku mbili kabla ya tagi kukatika, hadi siku tuliyoirekebisha.

Mibofyo ilirudi ndani ya wiki iliyofuata. Oda zikapanda kidogo, lakini hazikufika 280 tena mwezi huo, nasi tukapunguza bajeti ya sare kwa hesabu sahihi mkononi, tukahamishia kwenye masweta na soksi, vitu ambavyo wazazi huendelea kununua katikati ya muhula.

Sasa duka lina karatasi yenye safu tatu: oda zilizolipwa, zilizorekodiwa, na uwiano, kila njia ya malipo kwa mstari wake. Binti wa stoo ndiye anayeijaza kila asubuhi kwa data ya siku tatu nyuma, ambayo imeshatulia. Uwiano ukishuka chini ya 75 kwa njia yoyote, ananipigia mimi kabla ya kumpigia mama.