Jina la studio ya picha za harusi: lipime kwanza juu ya shela

Mwaka wa kwanza tunapiga harusi hapa Dar, studio yetu ilikuwa inaitwa Kumbukumbu za Milele Picha na Video. Kwenye bango la mlangoni lilipendeza, kwenye fulana za vijana pia lilikaa vizuri, ila kwenye picha zenyewe halikusomeka kabisa na mi sikuliona hilo mpaka limenigharimu. Tulipiga sendofu moja Sinza, picha zikapendwa, mpambaji wa bi harusi akaposti, MC akaposti, ndugu wakajaza stetasi za WhatsApp. Baada ya miezi kadhaa nikakutana na shangazi wa yule bi harusi kwenye shughuli nyingine, akaniambia, "Mwanangu, mbona niliwatafuta kwa ajili ya mdogo wake nikawakosa? Kwenye picha niliona Kumbukumbu, huko mbele vidudu tu." Alitafuta Kumbukumbu, wakaja watu kibao, akachukua mmoja wao.

Nilivyorudi nyumbani nikakaa na kompyuta nikapiga hesabu ambayo nilitakiwa niipige kabla ya kuchagua jina. Picha ya Insta ina upana wa pikseli 1080. Ile alama ya jina juu ya picha mi naipa kama moja ya tano ya upana, ikizidi hapo inaanza kugombana na sura za maharusi, kwahiyo unabaki na pikseli 216. Jina letu ukihesabu na nafasi lilikuwa na herufi 35, gawanya, kila herufi inapata pikseli 6 hivi. Sasa angalia herufi m peke yake, ina miguu mitatu na uwazi mara mbili katikati, hapo tu zimeshaenda pikseli 5, na sisi kwenye Kumbukumbu tulikuwa na m mbili. Halafu picha ikipita WhatsApp inabanwa tena, na kitu cha kwanza kufa kwenye kubanwa ni mistari myembamba. Ndo vile vidudu alivyoviona shangazi.

Tukabadilisha, sasa tunaitwa Nderemo. Herufi 7, upana uleule wa 216, kila herufi inapata kama pikseli 30, na hata mtu akipiga skrinshoti ya stetasi akaituma kwa mwenzake bado inasomeka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, jina la kwenye picha liwe neno moja, herufi 5 mpaka 8. Yale maneno ya picha, video, studio, prodakshen yabaki kwenye risiti na mkataba, kwenye picha hayana kazi kwa sababu mtu anayeangalia picha ya harusi anajua tayari kuna mtu alipiga picha, anachotaka ni jina la kuandika kwenye kutafuta. Wengine wanakimbilia herufi za mwanzo mbili, yaani KM imezungushiwa duara, inapendeza kweli ila hebu mwambie mtu aitafute KM uone kama atakufikia.

Ila ufupi peke yake hautoshi, umbo la herufi nalo linasema, na hapa ndo naona wenzangu wengi wanaumia. Chukua Nuru. Ni neno zuri, lina mwanga ndani yake, mpiga picha gani asilipende? Sasa liandike kwa ile fonti ya mwandiko wa mkono inayopendwa kwenye harusi, n ndogo, u, r, u, utaona ni mawimbi tu yamefuatana, hakuna herufi inayopanda juu wala inayoshuka chini, jicho halina pa kushika. Nimemwonyesha mtu akasoma Mimi. Nderemo ina ile d imesimama katikati ya herufi fupi na inamsaidia msomaji. Tatizo la pili ni vijiti, yaani i na l zikifuatana, kama Milele au Lili, fonti ikiwa nyembamba unaona uzio. Na mikia ya chini, g, j, p, y, sio mibaya ila inashuka, inabidi uiinue alama nzima ili mkia usikatwe na ukingo wa picha, mmoja unatosha.

Kuna hii nyingine ambayo ni ya Kiswahili chetu hasa, ng'. Rafiki yangu alitaka kuitwa Ng'ara, na kwa picha ni jina tamu. Lakini jina la akaunti ya Insta linakubali herufi, namba, nukta na mstari wa chini tu, ile alama ya juu haiingii. Basi kwenye picha anaitwa Ng'ara na kwenye akaunti ngara, na ile alama yenyewe ikishabanwa na WhatsApp inaonekana kama vumbi la lenzi. Nilimshauri aachane nalo, jina la kwenye picha na la kwenye akaunti yafanane herufi kwa herufi.

Na unapoliweka, kumbuka watu watakata. Picha ya kulala yenye upana 1620 na kimo 1080, mtu akiikata iwe mraba wa katikati zinaondoka pikseli 270 kila upande. Alama yako ya 216 uliyoibana pembeni kabisa imeondoka yote, haijabaki hata herufi. Sisi tunaweka chini katikati, na jina fupi ndo linaruhusu hivyo, lile refu pale katikati lilikuwa linakatiza gauni kama mkanda. Kwenye video pia tunakaa hapohapo, tena kwa fonti nene kidogo, maana nyembamba inachezacheza wakati bi harusi anaingia na taa za ukumbi zinawaka.

Kabla hujalipenda jina, lifanyie hivi. Liandike mara mbili, nyeupe na nyeusi, hifadhi kama PNG isiyo na mandharinyuma, halafu lipachike kwenye picha tatu, moja shela limejaa chini, moja suti nyeusi ndani ya ukumbi wenye giza, moja nje saa saba mchana kwenye mchanga au majani. Nyeupe juu ya shela itakushinda, usishangae, ndo maana unahitaji zote mbili, na mi huwa naacha asilimia 70 ya ukolezi na kivuli chepesi nyuma. Zitume kwako mwenyewe kwa WhatsApp, weka stetasi, piga skrinshoti, kisha mpe mtu mzima ambaye hajawahi kulisikia jina, aangalie sekunde mbili, chukua simu, mwambie aandike alichosoma, rudia hivyo kwa watu watano. Wakikosea wawili kati ya watano, tafuta jina jingine, usibadilishe fonti ukadhani umepona.

Likishapita hapo ndo uende kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA kama halijasajiliwa, maana likifanana sana na la mwingine watalikataa, na uangalie Insta kama liko wazi. Usichapishe fulana kabla ya hapo. Zile picha zetu za jina la zamani hatukuzifuta, tulichagua kama 40 ambazo watu wanaziulizia sana tukaziweka jina jipya tukawatumia maharusi wenyewe upya, na shangazi naye nikamtumia zake.