Jibu: Mlango umekuwa mfupi kwenye picha ya kompyuta

"Wadau, nachora duka la zamani la Kisumu lilivyokuwa kabla halijachakaa. Vipimo nimechukua mwenyewe, lakini mlango wa nakshi unaonekana mfupi na mnene. Nimekosea wapi?"

Habari ndugu. Kabla ya kugusa modeli, rudi kwenye jengo uangalie chini ya mlango. Barabara za mjini huinuliwa kila zikikarabatiwa, na wenye maduka nao huinua sakafu ili maji ya mvua yasiingie. Mlango ukigoma kufunguka, fundi huukata chini. Kwa hiyo umepima sawasawa, ila umepima jengo lililozama.

Dalili ni rahisi kuona. Linganisha nakshi za juu na za chini: kama juu kuna ukingo kamili na chini ua limekatwa katikati, mlango ulipunguzwa. Kisha tazama kozi ya mwisho chini, yaani safu ya mawe ya ukuta iliyo karibu na ardhi. Ikiwa kozi nyingine zina kimo cha inchi 9 na hiyo inaonekana inchi 4 tu, iliyobaki iko ardhini. Omba ruhusa uchimbe kidogo kando ya ukuta.

Jengo moja nililochora lilikuwa na uwazi wa futi 6 na inchi 6 kwa upana wa inchi 45. Tulipochimba tukakuta ngazi mbili za inchi 6 kila moja. Ukiziongeza unapata inchi 90, yaani mara mbili kamili ya upana, na mlango ukakaa vizuri.

Mapambo ya plasta yachore mwisho, ukipima pale chini ya paa ambako rangi haijarundikana.