Dodoso fupi la wasomaji: maswali 5 yanatosha

Swali: Natoa jarida la barua pepe la upigaji picha, waliojiandikisha ni 2,000 hivi. Nimeandaa maswali 18 kujua wanataka mada zipi, kwa mtindo gani, na wana maswali yapi. Je, ni mengi? Niyapange vipi?

Jibu: Ni mengi. Bakiza 5, na kila swali ulipime hivi: jibu lake litabadilisha nini katika toleo lijalo? Umri na jinsia, kwa mfano, havitabadilisha kitu. Viondoe.

Anza na swali la wazi: “Mara ya mwisho uliposhika kamera, ulikwama wapi?” Liweke peke yake ukurasa wa kwanza, kabla msomaji hajaona orodha yako ya mada, akishaiona, atakurudishia maneno yako mwenyewe. Usilifanye la lazima, maana wapo wanaoona nafasi tupu ya kuandika wakafunga ukurasa. Hapa ndipo utakapookota maswali ya kujibu.

La pili ni mada. Ukiwaambia wazipe alama 1 hadi 5, wengi watazipa zote 4 au 5, nawe utabaki palepale. Orodhesha mada 6, kila mtu achague 2 tu, na uamuru fomu ichanganye mpangilio kwa kila msomaji, kwa sababu zilizo juu huelekea kuchaguliwa zaidi. “Mwanga na rangi” ni mada mbili, zitenganishe.

Kuhusu mtindo, “Ungependa video?” ni swali bovu: kukubali hakumgharimu mtu chochote. Uliza alichokwisha kufanya: “Mbinu mpya uliyojifunza karibuni uliipata kwa njia gani?” Kisha uliza amepiga picha kwa muda gani, na mwisho, ni kipi upunguze. Kabla ya kutuma, wape watu 4 au 5 wasome kwa sauti mbele yako. Wanaporudia sentensi, iandike upya.

Tuseme wamejibu 120: uhariri wa picha umechaguliwa na 54, mwanga na 48. Usitangaze mshindi. Kwa idadi hiyo, hata kama waliojibu wangekuwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu kati ya wasomaji wako wote, asilimia yoyote iliyo karibu na nusu ingeweza kupanda au kushuka kwa pointi 9 hivi, na hapa tofauti ni pointi 5. Wagawe kwa uzoefu. Kati ya 70 wasiozidi mwaka mmoja, 36 wanataka mwanga na 22 uhariri. Kati ya 50 wazoefu, 32 wanataka uhariri na 12 mwanga. Sasa una uamuzi: makala mbili, kila moja kwa kundi lake.

Kumbuka pia kwamba wanaojibu kwa kawaida ni wale wanaokusoma sana. Walioacha kufungua barua zako hawamo. Kwa hiyo linganisha majibu na viungo vilivyobofywa katika matoleo yaliyopita. Vikipingana, mimi ningeamini mibofyo kuhusu mada, na swali la wazi kuhusu pembe ya kuiandikia.