Koti la Babu halina hakimiliki

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Natengeneza mvinyo wa zabibu hapa Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini. Nataka kuweka hakimiliki ya jina la mvinyo wangu, "Koti la Babu", na ya mashine ya kukamulia niliyoibuni mwenyewe. Shemeji yangu anasema kwenye mashine niseme "hataza". Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Shemeji yako yuko sahihi kwenye mashine, nawe umekosea kote kuwili. Usivunjike moyo, maana kwa kosa hilo uko na nusu ya nchi.

Kabla sijafika kwenye chupa yako, niruhusu nitue mzigo mmoja. Juzi pale Majengo nimeona kibao dukani: "Hatimiliki zote zimehifadhiwa." Hatimiliki! Katika mji huu ambao kila mtu anafukuzia kiwanja, nilidhani mwenye duka ameanza kuwatunzia watu hati zao za ardhi kabatini. Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba maana yake ni kuwa mtu asiige picha zake za vitenge. Hatimiliki ni karatasi ya kiwanja, ndugu zangu. Hati ni maandishi, haki ni haki. Herufi moja tu inatenganisha kiwanja cha Nzuguni na picha ya kitenge.

Hilo angalau ni kosa la ulimi. La kwako ni kosa la neno lenyewe, na hapo nakuonea huruma. Haki na miliki yote tumeyapata kwa Waarabu, na tulipoyaunganisha tukapata neno pana mno. Waingereza walipoita kitu hicho kopirait walikuwa wanataja kitendo kimoja tu, kunakili. Sisi tukasema hakimiliki, haki ya kumiliki, na mtu akisikia hivyo anaona kila anachomiliki kinaingia humo: jina, mashine, duka, mapishi ya mama mkwe. Kama tungesema "haki ya kunakili" tangu mwanzo, barua yako isingefika mezani kwangu. Lakini neno limo kwenye jina la sheria, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mimi sina nguvu za kupigana na Bunge, hata kama ni jirani yangu.

Basi tulichukue Koti la Babu. Hakimiliki hulinda kazi iliyotungwa: shairi, wimbo, picha, kitabu, filamu, programu ya kompyuta. Hailindi wazo, wala jina fupi. "Koti la Babu" ni maneno matatu yaliyokuwapo kabla yako na kabla ya babu mwenyewe. Kama ungeweza kuyawekea hakimiliki, basi kila mjukuu anayeuliza asubuhi ya baridi, "Koti la babu liko wapi?" angekuwa anadaiwa. Na bibi akimjibu, "Koti la babu liko mlangoni," naye adaiwe. Mwandishi wa hadithi akilitaja koti la babu kwenye ukurasa wa kwanza, aje Mpunguzi na barua ya kuomba ruhusa. Hakuna sheria ya namna hiyo, na ikija nitahama.

Unachotaka wewe ni kwamba mnywaji akisoma jina hilo kwenye chupa ajue imetoka kwako, wala si kwa jirani yako wa Hombolo. Hiyo ni kazi ya alama ya biashara, na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ndio wanaoisajili. Uzuri wa jina lako ni kwamba halisemi lolote kuhusu mvinyo. Ungekuja na "Mvinyo Mtamu wa Dodoma" ungekwama, kwa sababu kila mkulima wa zabibu hapa ana haki ya kusema mvinyo wake ni mtamu na ni wa Dodoma. Jina linaloeleza bidhaa au kutaja mahali inapotoka ni gumu kumpa mtu mmoja. Koti halihusiani na zabibu, kwa hiyo linafaa.

Alama inasajiliwa kwa daraja la bidhaa, na madaraja yako 45. Mvinyo uko daraja la 33. Juisi ya zabibu iko la 32, zabibu mbichi la 31, zabibu kavu la 29. Ukisajili la 33 peke yake, halafu akatokea kijana anauza mashati yaitwayo Koti la Babu, huna mengi ya kumwambia, kwa sababu hakuna atakayekunywa shati kwa kudhani ni mvinyo wako. Wa juisi ndiye mtakayebishana naye. Basi kama unawaza juisi, lipia na 32 mapema. Usajili ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara, hata wajukuu wa wajukuu wako. Ukivuka kwenda Zanzibar, huko wana usajili wao.

Hakimiliki nayo ipo kwenye chupa yako, ila imejificha. Hukuniambia kama lebo ina picha. Tuseme fundi amekuchorea babu mwenye koti, chini ya mbuyu. Mchoro huo una hakimiliki tangu kalamu ilipoinuka kwenye karatasi, bila ofisi wala ada. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, wanaweza kukuandikishia, na maandishi hayo ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi, lakini si yanayoizaa haki. Haki hiyo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Umesikia: ya mtunzi. Usidhani ulipomlipa fundi pesa ya kuchora umenunua na hakimiliki. Andikishianeni, leo, mkiwa bado mnasalimiana. Na jua mpaka wake: mtu mwingine anaweza kuchora babu wake na mbuyu wake mwenyewe, mradi hakunakili wa kwako.

Sasa mashine. Hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, hutolewa kwa uvumbuzi ambao ni mpya, usio dhahiri kwa fundi wa kazi hiyo, na unaoweza kutumika viwandani. Mashinikizo ya zabibu ya skrubu yapo tangu enzi za Warumi, kwa hiyo kuyapaka rangi au kuyafunga mota hakutoshi. Lakini kama yako inatenga vikonyo na kukamua bila kusaga mbegu, zile zinazoutia mvinyo uchungu, kwa njia ambayo hakuna aliyeitumia, una hoja. Hataza hufika miaka 20 tu, kisha uvumbuzi ni wa wote. Tena unaipata kwa kueleza kwa maandishi jinsi mashine inavyofanya kazi. Kosa linalowaponza wengi ni kuionyesha kwanza na kuomba baadaye. Ukiipeleka viwanja vya Nanenane pale Nzuguni kabla ya kuwasilisha maombi, ukawafafanulia waliokuzunguka kila gia, upya wake unaweza kuwa umeishia hapohapo.

Kama majina yanakuchanganya, shika vitenzi. Hakimiliki *unakuwa nayo*. Alama ya biashara *unaisajili*. Hataza *unaiomba*, na wanaweza kukunyima. "Kuweka hakimiliki" waachie wanaoweka hatimiliki kabatini.

Na ile alama ya © uliyonichorea pembeni ya jina, ifute. Ukishasajiliwa utaweka ®, si kabla.