Otsu kwa mkono, na siku kivuli kilipogeuka kuwa haragwe

"Wakuu, tumepewa histogramu ya picha ya pikseli 100, ngazi za kijivu 0 hadi 7. Idadi zake kwa mpangilio ni 14, 22, 14, 6, 4, 10, 20, 10. Tutafute kizingiti cha Otsu. Nimeona bonde liko ngazi ya 4 nikajibu 4, mwalimu kasema ni 3. Halafu sielewi hizi mbinu za maeneo zinaingia wapi kama Otsu imeshatoa jibu."

Mkuu, mwalimu yuko sahihi, lakini hukupotea mbali. Shida ni kwamba Otsu haitafuti bonde kabisa. Mjapani Nobuyuki Otsu, kwenye makala yake ya 1979, aliuliza swali jingine: nikikata histogramu hapa, wastani wa kundi la giza na wastani wa kundi la mwanga vinaachana kiasi gani, nikizingatia ukubwa wa kila kundi? Anajaribu kila mkato, kisha anachukua ule wenye thamani kubwa kuliko yote ya hii:

```
w0 * w1 * (m1 - m0)^2
```

Hapo w0 na w1 ni sehemu ya pikseli zilizoangukia kila upande, na m0 na m1 ni wastani wa kila upande. Tukubaliane kabisa kwamba kizingiti t maana yake ni ngazi 0 mpaka t ziko gizani, zilizozidi t ziko mwangani. Vitabu vingine huhesabu t upande wa pili, na ugomvi mwingi wa "mimi nimepata 3, wewe umepata 4" huanzia hapo tu.

Kabla ya kukata popote, andika mistari miwili ya jumla limbikizi. Wa kwanza ni wa idadi: 14, 36, 50, 56, 60, 70, 90, 100. Wa pili unazidisha ngazi kwa idadi yake, ukijumlisha unavyokwenda: 0, 22, 50, 68, 84, 134, 254, 324. Ukiwa na mistari hii, kila mkato ni kugawanya mara mbili tu.

Chukua t = 3. Gizani kuna pikseli 56 zenye jumla ya 68, kwa hiyo m0 ni 68/56 = 1.214. Mwangani zimebaki 44 zenye jumla ya 324 − 68 = 256, kwa hiyo m1 ni 5.818. Tofauti ni 4.604, mraba wake 21.20, zidisha kwa 0.56 × 0.44, unapata 5.22.

Sasa jibu lako, t = 4. Gizani 60 zenye jumla ya 84, m0 = 1.4. Mwangani 40 zenye jumla ya 240, m1 = 6. Tofauti ni 4.6, mraba 21.16, mara 0.6 × 0.4, jibu 5.08. Na t = 2 inatoa 50 kwa 50, wastani 1 na 5.48, jibu 5.02. Ukienda nje zaidi thamani zinashuka haraka: t = 1 inatoa 3.89 na t = 5 inatoa 4.10. Mshindi ni 3.

Angalia vizuri 3 na 4. Umbali kati ya wastani ni karibu sawa kabisa, 4.604 na 4.6. Kilichoamua ni ule mzani wa w0 × w1: 0.2464 dhidi ya 0.24. Yaani Otsu imependa makundi yanayokaribiana ukubwa. Kwenye zoezi lako ni tofauti ndogo isiyo na madhara. Kwenye picha ambayo kitu unachokitafuta ni kidogo sana mbele ya mandhari, mzani huohuo huvuta kizingiti mpaka ndani ya kundi kubwa, na unakuta mandhari yamekatwa vipande viwili.

Kosa la kawaida kwenye mtihani ni kugawanya 68 kwa 100 badala ya 56. Jikague hivi: w0 × m0 + w1 × m1 lazima irudishe wastani wa picha nzima, ambao hapa ni 3.24, kwa kila t.

Sasa mbinu za maeneo, yaani zile zinazokusanya pikseli kwa ujirani wake. Zichanganye zile pikseli 100 ovyo kama karata. Picha imeharibika, lakini histogramu ni ileile, na Otsu itakujibu 3 vilevile. Haijui pikseli ipi imekaa jirani na ipi. Mimi nililijua hili kwa uchungu nilipotaka kuhesabu maharage mekundu juu ya karatasi nyeupe, picha ya simu karibu na dirisha. Kona ya mbali na dirisha ilikuwa na kivuli. Otsu ikatangaza kona nzima kuwa giza, nami nikapata haragwe moja lenye ukubwa wa kiganja.

Kwa ngazi zako, mstari mmoja wa picha ile ungekuwa hivi, karatasi ikififia kuelekea kivulini kisha haragwe:

```
7 6 6 5 4 3 3 1 1
```

Kwa kizingiti 3, zile 3 mbili za karatasi zinahesabiwa haragwe. Kukuza eneo kunakwenda tofauti: unapanda mbegu mahali una hakika ni karatasi, hapo kwenye 7, kisha unakaribisha jirani asiyetofautiana zaidi ya 1 na pikseli iliyomkaribisha. Eneo linashuka taratibu 6, 6, 5, 4, 3, 3, linafika kwenye 1, tofauti ni 2, linasimama. Karatasi yote imepatikana pamoja na kivuli chake, na kilichobaki ni haragwe. Ndiyo maana niliacha kuyakuza maharage nikakuza karatasi: mbegu moja inatosha.

Sharti la ulinganishaji ndilo kila kitu. Ukilinganisha jirani na wastani wa eneo, hata kwa uvumilivu wa 2, mstari huu unakwama kabla ya 3, kwa sababu wastani umefika 5.6 tu. Ukilinganisha na jirani, unavuka kivuli, lakini ukingo ukiwa na ukungu, tuseme 3 2 1, eneo linateleza hatua kwa hatua mpaka ndani ya haragwe. Huko ndiko kuvuja. Kwenye OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, `floodFill` hulinganisha na jirani usipoiambia vingine. Ukiweka `FLOODFILL_FIXED_RANGE` inalinganisha na mbegu.

```python
for d in range(1, 12):
    m = np.zeros((h + 2, w + 2), np.uint8)
    n = cv2.floodFill(g, m, (5, 5), 0, d, d,
        4 | cv2.FLOODFILL_MASK_ONLY | (255 << 8))[0]
    print(d, n)
```

Hapo `g` ni picha ya kijivu, `h` na `w` ni kimo na upana wake, `d` ni tofauti unayoiruhusu, na `n` ni idadi ya pikseli za eneo. Ukiongeza `d` inapanda, kisha inatulia, halafu ghafla inaruka. Mruko ule ni kuvuja. Chagua `d` iliyo kabla yake. Isipotulia popote, ukungu umezidi, rudia picha.

Bado nilikuwa napata hesabu imezidi kwa mawili matatu. Maharage matatu yakigusana huacha kijipembe cha karatasi katikati, na mbegu yangu haiwezi kufika huko, kwa hiyo kijipembe kilihesabiwa haragwe. Siku hizi kila kipande kilichobaki nakipima mwanga: kikiwa karibu na karatasi inayokizunguka, napanda mbegu nyingine hapo.